Mgongo wa Kitabu cha Mjomba

Wahenga walinena kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Sitaki kubishana na wahenga, lakini kwa upande wa vitabu naomba kuongeza neno moja: chema hakijiuzi ikiwa mnunuzi hawezi kulisoma jina lake. Kitabu kikisimamishwa kwenye rafu ya duka, hadithi iliyomo ndani haionekani, na mara nyingi hata ile picha nzuri ya mbele haionekani. Kinachoonekana ni mgongo tu, kipande chembamba kama kidole. Hapo ndipo mwandishi anapompata msomaji au anapomkosa.

Ndugu msomaji, wengi wetu tukiambiwa tubuni jalada tunakimbilia rangi na picha. La hasha! Chombo cha kwanza ni rula. Katika makala haya nitaeleza jinsi jalada linavyopimwa na jinsi jina la kitabu linavyofanywa lisomeke, na nitafuata mfano mmoja tu tangu mwanzo hadi mwisho, yaani kitabu cha mjomba wangu.

Mjomba ni mwalimu mstaafu. Aliandika riwaya kuhusu abiria wa feri ya Likoni kule Mombasa, akaiita Waliochelewa Kivukoni, kisha akaamua kuichapisha kwa pesa zake mwenyewe, nakala 300. Sasa zingatia jambo hili. Mwandishi anayejichapishia hana kampuni iliyosimama nyuma yake. Majalada 300 yakitoka na kasoro, hakuna mhariri wa kulaumiwa wala bohari ya kuyaficha. Atayarudia kwa kiinua mgongo chake, au atauza vitabu vyenye mgongo uliopinda huku akiona haya. Ndiyo maana vipimo hivi si mchezo.

Jalada ni karatasi moja

Jambo la kwanza la kuelewa ni kwamba jalada la kitabu chenye karatasi laini si vipande vitatu. Ni karatasi moja ndefu. Ukiilaza mezani huku upande uliochapwa ukikutazama, nyuma ya kitabu iko mkono wa kushoto, mgongo uko katikati, na mbele iko mkono wa kulia. Karatasi hii hukunjwa, hugandishwa kwa gundi kwenye mgongo wa kurasa, halafu kitabu kizima hukatwa kwa mashine pande tatu: juu, chini, na pale kinapofungukia.

Kwa kuwa yote ni karatasi moja, kosa la sehemu moja husukuma sehemu nyingine. Mgongo ukichorwa mpana kuliko unavyotakiwa, picha ya mbele haikai mbele tena, na maandishi ya mgongo huteleza pembeni. Kwa hiyo huwezi kuchora hata mstari mmoja kabla ya kujua mambo mawili: kitabu kitakuwa na kipimo gani baada ya kukatwa, na kitakuwa kinene kiasi gani.

Kipimo cha kitabu

Mjomba alitaka kitabu chake kiwe A5. Hicho ndicho kipimo unachokipata ukiikunja karatasi ya kawaida ya A4 katikati: upana milimita 148 na urefu milimita 210. Vitabu vingi vya hadithi vinavyochapwa kwetu ni vya kipimo hicho, au karibu na hicho, na sababu yake ni rahisi. Karatasi za kiwandani hugawanyika kwa nusu bila kuacha mabaki mengi, na mabaki hulipiwa na mwenye kitabu.

Lakini kipimo hakiamui upana na urefu peke yake. Kinaamua pia idadi ya kurasa, na idadi ya kurasa inaamua mgongo. Riwaya ya mjomba, ikipangwa kwa A5, ilijaza kurasa 187. Mpiga chapa akasema zitakuwa 192, maana alizipanga katika mafungu ya kurasa 16, na mafungu 12 ni kurasa 192. Zile tano zilizobaki ni tupu, lakini karatasi ni karatasi. Nazo huongeza unene, basi sharti zihesabiwe. Kama mjomba angechagua A6, yaani kitabu cha mfukoni ambacho eneo lake ni nusu ya A5, kurasa zingekuwa takriban maradufu, na kitabu kingekuwa kifupi na kinene kama tofali. Angechagua A4, kurasa zingepungua kufikia karibu nusu, na riwaya ingefanana na daftari. Kwa hiyo kwanza chagua kipimo, panga kurasa zote, uhesabu, ndipo uende kwenye mgongo.

Upana wa mgongo

Haya, tufike penyewe. Hesabu ya mgongo ni ya darasa la tano, lakini ina mtego mmoja ambao umewanasa watu wazima.

Mtego wenyewe ni huu: ukurasa si karatasi. Karatasi moja ina kurasa mbili, mbele na nyuma. Kwa hiyo kurasa 192 ni karatasi 96. Sasa karatasi moja ina unene gani? Hebu chukua ridimu ya karatasi za gramu 80, zile zinazotumiwa kupigia chapa mitihani yetu. Ridimu ina karatasi 500, na ukiipima kwa rula utaona ina unene wa karibu sentimita 5, yaani milimita 50. Gawanya 50 kwa 500, unapata milimita 0.1 kwa kila karatasi. Karatasi 96 basi zina unene wa milimita 9.6.

Halafu kuna jalada lenyewe, ambalo ni karatasi ngumu. Ile aliyoichagua mjomba ilikuwa na unene wa milimita 0.3 hivi. Ipo mbele na ipo nyuma, kwa hiyo inaongeza 0.6. Jumla ni milimita 10.2. Huo ndio mgongo.

Kijana aliyemchorea mjomba jalada la kwanza alizidisha 192 kwa 0.1, akaongeza 0.6, akapata milimita 19.8. Aliandika jina la kitabu kwa herufi kubwa zilizoujaza mgongo huo, na kwenye kompyuta lilipendeza kweli kweli. Lakini mgongo wa kweli ulikuwa milimita 10.2. Tofauti ni milimita 9.6, karibu sentimita nzima! Lingechapwa vile, vichwa vya herufi vingepanda juu ya jalada la mbele na miguu yake ingeshukia nyuma. Mgongoni pangebaki viuno tu, visivyosomeka.

Tuligundua kabla ya kuchapa, na njia tuliyotumia ni rahisi kuliko hesabu. Mwombe mpiga chapa akutengenezee kitabu kitupu cha mfano: karatasi zile zile zitakazotumika, idadi ile ile, jalada lile lile, ila bila maandishi. Kisha chapa jalada lako kwa ukubwa wake halisi. Karatasi moja ya A4 haitatosha, kwa sababu urefu wake ni milimita 297 na jalada la A5 lililofunguka linazidi hapo. Basi chapa vipande viwili na uviunge kwa utepe. Kata pembeni, livishe kile kitabu kitupu, ukitazame. Kama mkunjo hauangukii pale mgongo uliochorwa unapoishia, utaona mara moja wala hutahitaji mtaalamu.

Kitabu hicho kitupu kinakulinda pia dhidi ya kosa la pili, ambalo ni kudhani kuwa gramu ni unene. Gramu ni uzito wa karatasi yenye eneo la mita moja ya mraba. Kuna karatasi za rangi ya maziwa zinazopendwa kwa riwaya. Nazo zaweza kuwa za gramu 80 lakini zimeumuka kama mkate, na moja ikawa na unene wa milimita 0.13 hivi. Mjomba alizitamani sana kwa kuwa haziumizi macho. Tukapiga hesabu upya: karatasi 96 kwa 0.13 ni milimita 12.5, ongeza 0.6, mgongo unakuwa 13.1. Kurasa ni zile zile, gramu ni zile zile, lakini mgongo umeongezeka karibu milimita tatu. Mwishowe alirudi kwenye karatasi nyeupe kwa sababu ya bei, na mgongo ukarudi 10.2. Funzo ni kwamba ukibadilisha karatasi, au hata ukikuza herufi za ndani hadi kurasa zikaongezeka, hesabu ya jalada imekufa. Ianze upya.

Sasa tuikusanye karatasi yote. Nyuma ni milimita 148, mgongo 10.2, mbele 148, jumla 306.2. Urefu ni 210. Lakini usimpelekee mpiga chapa kipimo hicho hicho. Mashine ya kukatia haikati pale pale kila mara, huteleza kidogo. Rangi ikiishia kwenye mstari wa kukatia, mtelezo wa nusu milimita tu utaacha uzi mweupe ukingoni. Dawa yake ni kuiendeleza rangi au picha milimita 3 nje ya mstari kila upande, ili kinachokatwa kiwe kile cha ziada. Kwa hiyo jalada la mjomba lilichorwa kwa upana wa milimita 312.2 na urefu wa milimita 216.

Kumbe hata hapa ule mgongo wa uongo ungemgharimu. Mpiga chapa alitumia karatasi kubwa ya SRA3, yenye milimita 320 kwa 450. Majalada mawili ya milimita 312.2 kwa 216 yanalala humo moja juu ya jingine, kwa kubanana. Lakini ukiweka mgongo wa 19.8, upana unakuwa 321.8, na karatasi ya 320 haiwezi kuyabeba mawili. Linaingia moja tu, na karatasi ngumu za majalada zinahitajika maradufu. Yaani mjomba angelipa zaidi ili apate jalada baya zaidi!

Maandishi ya mgongoni

Mgongo wa milimita 10.2 hauna maana kwamba herufi ziwe za milimita 10. Jalada likikunjwa linaweza kuhama milimita moja au zaidi kushoto au kulia. Acha basi milimita 2 kila upande. Zinabaki 6 za kuandikia. Herufi za pointi 16 huchukua kama milimita 5.6 tangu kilele cha l hadi mkia wa y, kwa hiyo zinaenea. Ndizo tulizotumia.

Kwa sababu hiyo hiyo ya kuhama, usiupake mgongo rangi tofauti na mbele kwa mstari mkali. Mstari ukihama milimita moja, kila mtu ataona utepe wa rangi ya mgongo umechungulia mbele. Rangi moja ikizunguka kutoka mbele hadi nyuma, mhamo huo hauonekani kamwe.

Je, maandishi yaelekee wapi? Kwa desturi ya vitabu vyetu, jina huanzia juu likishuka chini. Sababu yake iko mezani: kitabu kikilala na uso wake juu, jina la mgongoni linasomeka wima. Likiandikwa kwa kupanda, litakuwa miguu juu kichwa chini. Na kama kitabu ni chembamba mno, tuseme mgongo wa milimita 4, acha mgongo wazi. Ukiondoa milimita mbili mbili za pembeni hubaki na nafasi hata ya herufi moja. Vile vijitabu vinavyofungwa kwa pini katikati ndivyo kabisa, havina mgongo wa kuandikia.

Jina lisomeke

Mbele ya kitabu kuna hesabu nyingine, na hii inatuhusu sana sisi tunaoandika kwa Kiswahili. Lugha yetu hubeba mambo mengi katika neno moja. Waliochelewa ni neno moja lenye herufi 12. Neno refu kuliko yote katika jina ndilo linaloamua ukubwa wa herufi, maana neno halikatwi katikati kwenye jalada. Mtu akiona Walio juu na chelewa chini, atasoma mambo mawili.

Upana wa mbele ni milimita 148. Tukaacha milimita 12 kila upande: upande wa nje kwa sababu ya kisu, na upande wa mgongo kwa sababu jalada hukunjika hapo linapofunguliwa na herufi zingeingia kwenye mkunjo. Zikabaki milimita 124 za kuandikia neno la herufi 12, yaani milimita 10 na ushei kwa kila herufi. Katika maandishi ya kawaida, upana wa herufi ndogo ni karibu nusu ya ukubwa wa maandishi. Kwa hiyo tuliweza kufikia maandishi ya ukubwa wa milimita 20, na hayo ni makubwa ya kutosha. Kivukoni likakaa mstari wa pili kwa ukubwa ule ule. Lakini kama jina lote lingewekwa katika mstari mmoja, herufi 20 pamoja na nafasi ya katikati, ukubwa ungeshuka hadi milimita 12 hivi. Mistari miwili ilitupa herufi kubwa bila kuongeza senti.

Lililobaki ni rangi. Jalada la kwanza lilikuwa na picha ya feri wakati wa machweo, na jina limeandikwa kwa rangi nyekundu, herufi nyembamba za kulala, juu ya bahari yenye samawati iliyokolea. Karibu lilivutia, lakini ukirudi nyuma hatua nne lilizama majini. Jicho halisomi kwa kutofautisha nyekundu na samawati. Linasoma hasa kwa kutofautisha mwanga na giza. Nyekundu iliyokolea na samawati iliyokolea zote ni giza.

Hili nalo lina kipimo chake cha bure. Litoe jalada fotokopi ya nyeusi na nyeupe. Rangi zote zitakuwa kijivu, na kama jina limepotea katika kijivu hicho, basi lilikuwa linakudanganya kwa rangi. Tulipolitoa jalada la mjomba fotokopi, feri ilionekana, anga lilionekana, jina halikuonekana hata kidogo. Mjomba hakupendezwa.

"Sasa mpwa wangu, hiyo picha nimeilipia. Unataka kuifunika?"

"Siifuniki, mjomba. Tuishushe tu. Feri ikae chini, anga la juu tulifanye giza tupu, jina tuliandike humo kwa rangi ya maziwa."

"Na zile herufi za kulala?"

"Vijimstari vyake ni vyembamba kama unywele. Wino ukienea kidogo vinajaa, na mtu akiwa mbali havioni."

Alinyamaza kidogo, akasema, "Haya, fanya tuone."

Tukafanya. Herufi zikawa nene, wima, za rangi ya maziwa juu ya anga jeusi lisilo na kitu. Kisha tukalipima jalada jipya kwa njia tatu. Kwanza fotokopi: jina likang'aa. Pili tuliliegemeza ukutani tukasimama mbali hatua nne, na mama, ambaye alikuwa hajaliona, akalisoma bila kukunja uso. Tatu tulilipunguza hadi urefu wa sentimita 3, maana siku hizi wateja wengi huliona jalada kwenye simu kabla ya kulishika mkononi. Feri ikawa doa tu, lakini jina lilisomeka. Jina la mjomba, lililokuwa dogo chini, halikusomeka kwa ukubwa huo, na tukaliacha. Msomaji akishavutwa na jina la kitabu, atalisogelea la mwandishi.

Nyuma tuliweka aya moja ya kueleza kisa na kisanduku cheupe cha mistari ya nambari ya ISBN, ambayo hapa Kenya hutolewa na Huduma ya Maktaba ya Taifa. Kisanduku kiwe cheupe na kikae mbali na mkunjo, la sivyo mashine ya dukani haitasoma kitu.

Ukitaka kujaribu, wanachama wenzangu, kitabu chochote cha maktaba kitakufaa. Soma nambari ya ukurasa wa mwisho, ongeza kurasa za mwanzo zisizo na nambari, gawanya kwa mbili, zidisha kwa 0.1, ongeza 0.6, kisha pima mgongo kwa rula. Kama hesabu yako na rula hazielewani, usikasirike. Shika karatasi 100 za ndani ya kitabu hicho, zibane vizuri kwa vidole, upime unene wake. Utagundua kwamba kitabu hicho kilichapwa kwa karatasi nyingine, na kwamba aliyelichora jalada lake alilijua hilo kabla yako.